Hao Watazamaji wa Marekani ni Akina Nani?

Anayeendesha chaneli ya YouTube kwa Kiswahili, ikishakua kidogo, hufungua ukurasa wa takwimu na kukutana na orodha ya nchi. Tanzania inaongoza, Kenya inafuata, na hayo aliyatarajia. Ya tatu ni Marekani. Chini yake zimepangana Congo, Oman, Uganda na Burundi, na huko mkiani imo Uholanzi, ambako hamjui hata mtu mmoja. Wapo wanaofurahi wakidhani Wamarekani wenyewe wamevutiwa, wakaanza kuchomekea Kiingereza kwenye video ili wageni wasiachwe nje. Wapo wanaoziona nchi hizo za mbali kuwa makosa ya mashine, wakaendelea kuzungumza na Dar es Salaam na Nairobi peke yake. Kazi yangu ni kukaa na wenye chaneli tukasoma takwimu za namna hii, na ninaumia kila ninapoona uamuzi wa haraka, wa upande huu au ule, ukiwafukuza watu waliokuwa wanatazama hadi mwisho.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate. Ni mfano wa kutunga, na namba zake nimezipanga ili hesabu ieleweke, lakini sura yake ni ile ninayokutana nayo mara kwa mara kwenye chaneli za mapishi. Mwenye chaneli anaishi Morogoro. Ana video ya dakika 12 ya kupika kisamvu kwa nazi na karanga. Ndani ya siku 28 imetazamwa mara 40,000. Tanzania ina asilimia 46, Kenya 19, Marekani 11, Congo 6, Oman 4, Uganda 3, Burundi 2. Ukijumlisha unapata 91. Asilimia 9 iliyobaki imetawanyika kwenye nchi nyingi zenye watazamaji wachache wachache, ikiwamo hiyo Uholanzi, na sehemu yake YouTube haikuweza kuipatia nchi kabisa. Jumla ya orodha ya nchi kutofikia idadi yote ya utazamaji ni jambo la kawaida, na halina maana kwamba umeibiwa watazamaji.

Marekani, basi, ina asilimia 11 ya 40,000, yaani mara 4,400. Ni akina nani hao?

Kabla ya kujibu ni lazima tujue namba hiyo imepatikanaje. Simu au kompyuta inapoingia mtandaoni hupewa anwani ya IP na kampuni inayomuuzia mtu huduma ya intaneti. YouTube huitazama anwani hiyo, ikaangalia imesajiliwa wapi, ikaandika nchi. Haimuulizi mtazamaji anatoka wapi, wala haijui alizaliwa Kigoma au Kentaki. Inachojua ni mlango alioutumia kuingia mtandaoni.

Kwa nchi, njia hii mara nyingi hupatia. Kwa miji hukosea sana, hasa huku kwetu ambako wengi hutazama kwa bando la simu na si kwa waya wa nyumbani. Kampuni za simu hukusanya mawasiliano ya wateja wengi na kuyatoa nje kupitia anwani chache zilizosajiliwa kwenye jiji kubwa. Mtu aliyekaa Sumbawanga au Njombe anaweza kuhesabiwa Dar es Salaam, na wa Lodwar akahesabiwa Nairobi. Nimewahi kuona mwenye duka la vyombo akikataa kudhamini chaneli kwa sababu jedwali la miji lilionyesha karibu watu wote wako Dar, ilhali yeye alitaka wateja wa mikoani. Wa mikoani walikuwamo, wengi tu. Ukitaka kujua watu wako wako mikoa gani, weka kura fupi kwenye ukurasa wa chaneli uwaulize, au soma maoni yao, kwa sababu jedwali la miji halitakuambia.

Turudi Marekani. Kwenye YouTube Studio, ukurasa wa kwanza unaoonyesha nchi ni muhtasari tu. Kazi yenyewe iko ndani ya `Advanced mode`, ambako unaweza kuchagua `Geography`, ukabana hesabu zote zihusu nchi moja, kisha ukaanza kuuliza maswali mengine juu ya nchi hiyo peke yake. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka. Wanatazama nchi katika jedwali moja, muda wa kutazama katika jedwali la pili, na njia ambazo watu wamefikia video katika jedwali la tatu, na kila jedwali limechanganya nchi zote. Wastani wa mchanganyiko huo haumwelezi mtu yeyote.

Swali la kwanza la kuuliza ni muda. Kwenye mfano wetu, mtazamaji wa Tanzania anakaa wastani wa dakika 4 na sekunde 10. Wa Kenya dakika 3 na sekunde 40. Wa Congo dakika 5 na sekunde 20. Wa Marekani dakika 6 na sekunde 50, zaidi ya nusu ya video. Mtu asiyejua Kiswahili hawezi kusikiliza maelezo ya kutwanga kisamvu na kukamua tui la kwanza na la pili kwa karibu dakika saba, isipokuwa ana sababu maalumu. Wageni wanaoletwa na YouTube kwa bahati, kwa sababu picha ya mbele imewavutia, huondoka mapema. Kwa hiyo muda huo mrefu ni dalili ya kwanza kwamba hawa wanaelewa wanachoambiwa.

Ila tusiharakishe, maana muda peke yake hudanganya kwa namna nyingine. Ukiangalia vifaa, utakuta sehemu kubwa ya wale wa Marekani wanatazama kwenye runinga, kwa intaneti ya nyumbani isiyopimwa kwa megabaiti. Wa Tanzania wako kwenye simu, na bando linahesabika. Anayetazama kwa bando husogeza video mbele hadi pale anapotaka, akaona kiasi cha karanga, akafunga. Dakika nne zake zinaweza kuwa na hamu kubwa kuliko dakika saba za mtu aliyeacha runinga ikiendelea huku akikunja nguo. Ndiyo maana sipendi kulinganisha muda wa Tanzania na wa Marekani kana kwamba ni mashindano. Ninalinganisha Marekani ya video hii na Marekani ya video nyingine za chaneli hiyohiyo, na Tanzania kwa Tanzania.

Swali la pili ni manukuu, yaani yale maandishi ya chini ya video. Hapa ndipo watu hutafuta jibu la lugha, na hapa ndipo wanapopotea zaidi. YouTube ina jedwali linaloitwa `Subtitles and CC`, na wengi hulisoma kana kwamba linaonyesha lugha ya watazamaji. Linaonyesha manukuu gani yaliwashwa wakati video inatazamwa, basi. Asiyewasha manukuu, ambaye ndiye mtazamaji wa kawaida, huingia kwenye mstari wa wasiotumia kitu, awe Mzaramo au Mnorwe.

Hata hivyo, jedwali hilo lina faida moja kubwa ikiwa video ina manukuu ya lugha nyingine. Mwenye chaneli wetu alikuwa ameandikisha manukuu ya Kiingereza kwa mkono, akiwaza wageni. Tunapobana hesabu kwa Marekani peke yake, tunakuta kwamba kati ya kila mara 100 video ilipotazamwa, ni mara 4 tu ambapo manukuu ya Kiingereza yaliwashwa. Manukuu yapo, yanaonekana, na watu 96 hawakuyahitaji. Kama chaneli isingekuwa na manukuu yoyote, kipimo hiki kisingekuwa na maana, kwa sababu huwezi kusema watu wamekataa kitu ambacho hawakupewa.

Kuna tahadhari moja ambayo ningependa kila mwenye chaneli aifanyie kazi. Unapopakia video kuna sehemu ya kuchagua lugha ya video, `Video language`. Wengi huiacha wazi, au inabaki Kiingereza kwa sababu akaunti ilifunguliwa kwa Kiingereza. YouTube ikiamini kwamba unazungumza Kiingereza, mashine yake inaweza kukutungia manukuu ya Kiingereza kutokana na sauti ya Kiswahili, na matokeo yake ni maneno yasiyo na maana hata moja. Halafu watu ambao simu zao zimewekwa kuonyesha manukuu kila wakati huhesabiwa kuwa watumiaji wa Kiingereza. Ukiona Kiingereza kingi kwenye jedwali la manukuu na hukuandika manukuu, nenda kwanza ukaangalie mpangilio huo.

Mkanganyiko kama huo uko kwenye lugha ya simu yenyewe. Mwenye tovuti pamoja na chaneli huona kwenye takwimu za tovuti kwamba wageni wake wengi ni wa `en-us` au `en-gb`, na `sw` ni wachache mno. Hiyo ni lugha ya menyu ya simu au kivinjari. Simu nyingi zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue huanza na Kiingereza, na mnunuzi haibadilishi, hata kama nyumbani hazungumzi neno la Kiingereza. Huko Bukavu na Bujumbura simu iko kwa Kifaransa, Maskati iko kwa Kiarabu au Kiingereza. Mimi namba hiyo huitumia kwa jambo moja tu: kukisia ni lugha gani ya pili mtazamaji ameizoea kuisoma. Mtu mwenye simu ya Kifaransa anayetazama video ya Kiswahili amenipa habari nzuri juu ya anakotoka.

Swali la tatu ndilo hufungua mlango. Tunabaki ndani ya Marekani, tunachagua njia ambazo watu wameifikia video, tunaingia kwenye wale waliotafuta ndani ya YouTube, na tunasoma maneno waliyoandika. Watanzania wameandika «kisamvu cha nazi», «jinsi ya kupika kisamvu». Kwenye orodha ya Marekani «kisamvu» ipo, lakini juu yake kuna «sombe», «kupika sombe», «sombe na mawese», na chini kidogo «pondu». Majani ya muhogo ndiyo hayohayo. Sombe ndilo jina lake kwa Waswahili wa Bukavu, Goma, Uvira na Lubumbashi, na pondu ni la Kilingala, la Kinshasa na mto Congo. Mtanzania wa Houston hatafuti sombe.

Hapo namba 4,400 inapata sura. Sehemu kubwa ya watazamaji wa Marekani wa chaneli hii ya Morogoro ni Wakongo wa mashariki. Na hilo likishaonekana haliwi la kushangaza. Katika mwaka wa fedha wa 2019 Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 30,000, na karibu 13,000 kati yao walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Familia nyingi za namna hiyo zilikaa miaka kwenye kambi kama Nyarugusu huko Kigoma au Nakivale huko Uganda kabla ya kupelekwa Kentaki, Teksasi, Arizona au Meini. Watoto wamekua wakisikia Kiswahili cha Congo nyumbani, cha Tanzania au Uganda kambini, na Kiingereza shuleni. Chakula cha mama zao wanakitafuta kwenye runinga ya sebuleni.

Maoni chini ya video husema jambo hilohilo ukiyasoma kwa utulivu. Anayeandika «merci sana mama», au anayesema «batu» na «bintu» badala ya watu na vitu, amejitambulisha. Mmoja anauliza mbona hakuna mawese. Mwingine anasema kwao sombe haiwekwi nazi. Ninawashauri wenye chaneli wasome maoni mia ya mwisho wakiwa na kalamu, wakitia alama kila neno linaloonyesha anakotoka mwandishi. Ni kazi ya jioni moja, na hakuna jedwali litakaloifanya badala yao.

Maneno hayohayo ya kutafutia yanatusaidia kuusoma mstari wa Congo wenyewe, wenye asilimia 6. Ukifungua miji yake, Kinshasa iko juu. Mwenye chaneli akiona hivyo atasema hao ni wa Kilingala, hawanihusu. Lakini tumeshaona kwamba mji unaoandikwa ni ule ambako anwani imesajiliwa, na mtu wa Bukavu anaweza kuhesabiwa jiji kuu. Wakiwa wametafuta «sombe» kuliko «pondu», na wanakaa dakika tano na zaidi, ninawahesabu kuwa Waswahili wa mashariki na wa Katanga hadi nione ushahidi mwingine.

Mipaka nayo huvuruga. Goma imepakana na Gisenyi ya Rwanda mtaa kwa mtaa, Bukavu inatazamana na Kamembe, na Uvira iko mwendo mfupi kutoka Bujumbura. Watu wa miji hiyo huwa na laini za pande zote mbili na kutumia yenye mtandao mzuri au bando la bei nafuu siku hiyo. Sehemu ya Rwanda na Burundi kwenye jedwali lako ni Wakongo, na kinyume chake pia. Kwa eneo hilo huwa ninajumlisha mistari mitatu kuwa kundi moja la Maziwa Makuu, kuliko kugombania nani ana asilimia 2 na nani ana 3.

Uholanzi je? Hapa tunakutana na VPN, programu inayopitisha mawasiliano ya simu kwenye mtambo wa nchi nyingine ili mtu aonekane yuko huko. Waganda waliizoea tangu Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa wanaotumia mitandao ya kijamii, na wakaizoea zaidi Januari 2021 mitandao ilipofungwa wakati wa uchaguzi. Oman na Falme za Kiarabu sababu ni nyingine. Huko simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa, na dada anayefanya kazi za ndani Maskati, akitaka kusikia sauti ya mwanawe aliyebaki Mombasa au Tanga, huwasha VPN. Akimaliza kuongea hakumbuki kuizima. Anafungua YouTube, anatazama kisamvu, na YouTube inaandika Uholanzi, Ujerumani au Marekani.

Utamtambuaje? Kwanza, nchi hizo za mitambo hupanda ghafla siku ambazo nchi ya nyumbani imeshuka, na jumla ya utazamaji haibadiliki sana. Pili, saa zake hazifanani na za huko. Mtu aliyeko Amsterdam kweli hatazami mapishi saa tisa usiku ya Amsterdam siku zote, lakini kwa mtu wa Ghuba au Afrika Mashariki saa hiyo ni alfajiri. Tatu, anakotafutia ni kwa maneno ya nyumbani na kifaa chake ni simu, wala si runinga. Kwa hiyo asilimia 4 ya Oman kwenye mfano wetu ni kima cha chini. Wamo wengine waliojificha kwenye mistari ya Ulaya.

Na wa Oman wenyewe si wa aina moja. Kuna familia zenye asili ya Unguja na Pemba, nyingi zilizohamia baada ya mapinduzi ya 1964 na kuongezeka baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka 1970, ambazo Kiswahili kwao ni lugha ya nyumbani. Na kuna wafanyakazi waliokwenda juzi juzi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi. Jedwali linawaweka pamoja. Saa za kutazama ndizo huwatenganisha kidogo: wafanyakazi huonekana usiku wa manane, kazi zikiisha.

Saa zinastahili kusemwa zaidi, kwa kuwa ndizo hutumika kuamua video itolewe lini. Chati ya `When your viewers are on YouTube` hupangwa kwa saa za mwenye chaneli, na huonyesha watazamaji wako wanapokuwa YouTube kwa jumla, wakitazama chochote, hata kama si chako. Kwa mwenye chaneli wa Morogoro kuna mlima mkubwa kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Kisha kuna kilima kidogo saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Wengine hufikiri hao ni waamkao mapema kwa sala. Wamo, lakini ukikumbuka kwamba saa kumi alfajiri ya Morogoro, majira ya joto huko kaskazini, ni saa mbili usiku ya Teksasi, utajua kilima hicho kimejengwa na nani. Majira ya baridi, saa zao zikirudishwa nyuma, kilima husogea hadi saa kumi na moja. Kilima kinachosogea kwa saa moja mwezi Machi na Novemba kimetoka Marekani, kwa maana sisi hatubadilishi saa.

Video ikitolewa saa mbili usiku ya Morogoro, Bukavu ni saa moja, Maskati ni saa tatu, na Teksasi ni mchana wa kazi. Hiyo haidhuru. Wa Marekani wataikuta jioni yao. Kinachodhuru ni kusoma chati ya siku bila kujua kwamba YouTube huihesabu siku kwa saa za Kalifonia. Siku yao huanza saa nne asubuhi ya Afrika Mashariki, au saa tano majira yao ya baridi. Video iliyotolewa Ijumaa usiku hukusanya utazamaji wa Jumamosi alfajiri yote, pamoja na ile jioni ya Marekani, na yote huandikwa Ijumaa. Mwenye chaneli anasema Jumamosi haina watu. Ina watu, wameandikwa jana yake.

Suala la pesa linasukuma watu wengi kwenye hitimisho la haraka. Matangazo huuzwa kulingana na mahali mtazamaji anapoonekana yuko, na wafanyabiashara hulipia mtazamaji wa Marekani zaidi kuliko wa Tanzania. Hivyo asilimia 11 ya utazamaji inaweza kuleta sehemu kubwa zaidi ya mapato kuliko asilimia 46. Mwenye chaneli akiona hivyo hujiambia afanye video za Kiingereza. Lakini waliomletea pesa hiyo ni Wakongo wa Kentaki wanaotafuta sombe kwa Kiswahili. Kiingereza kitawaondoa haohao, na hakitaleta Wamarekani wengine, maana hao wana chaneli maelfu za mapishi kwa lugha yao.

Basi katika mfano wetu mwenye chaneli afanye nini? Ninachomshauri ni kidogo na kinapimika. Video ya kisamvu aiache ilivyo, ila kwenye maelezo na kichwa aongeze neno sombe, ili anayelitafuta afike. Halafu atengeneze video ya pili, ya sombe ya mawese na samaki mkavu, akimwalika mpishi wa Kikongo kama yuko karibu, kwa sababu watu wameshaiomba kwenye maoni. Manukuu ya Kifaransa yatawafaa Congo na Burundi. Kichwa cha video, hata hivyo, asikitafsiri kwa Kifaransa. YouTube huonyesha kichwa kilichotafsiriwa kwa kila mwenye simu ya lugha hiyo, na mama wa Bukavu mwenye simu ya Kifaransa, anayetaka kusikia Kiswahili, ataona kichwa cha Kifaransa na kupita akidhani video si ya lugha yake.

Baada ya hapo asubiri siku 28 kamili na kulinganisha na siku 28 zilizotangulia, asichanganye wiki na mwezi. Na aangalie idadi, asiangalie asilimia peke yake. Tuseme utazamaji wote wa chaneli ulikuwa 10,000 na Kenya ilikuwa na asilimia 30, yaani 3,000. Baada ya video ya sombe jumla imekuwa 25,000 na Kenya imeshuka hadi asilimia 18. Anayesoma asilimia atalia kwamba Wakenya wamemkimbia. Asilimia 18 ya 25,000 ni 4,500. Wakenya wameongezeka kwa nusu, Wakongo wameongezeka zaidi.

Kuna watu ambao hata baada ya kazi yote hii hawataonekana. Video ikipakuliwa na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, au ikinakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu pale kibanda cha simu, utazamaji huo hauhesabiwi popote. Simu moja ikizungukwa na jirani watatu, jedwali linaandika mmoja. Hali hiyo ni ya kawaida zaidi Uvira na Kigoma vijijini kuliko Teksasi, na kwa hiyo mstari wa Congo na wa Tanzania daima ni mfupi kuliko watu walioko nyuma yake. Mwenye chaneli anapogawa muda wake kati ya kundi la Marekani na kundi la Maziwa Makuu, ninamwambia aipe ile asilimia 6 ya Congo uzito wa zaidi ya sita, hasa kama maneno ya «sombe» yanazidi kupanda mwezi hadi mwezi kwenye orodha ya wanaotafuta kutoka huko.